Kabla ya Kupiga Lipu Mpya: Ukuta Unatoa Jasho au Unanyonya Maji?

Mwenye nyumba anayekusudia kutengeneza kuta zenye unyevu Unguja au Pemba aanze uchunguzi kabla ya masika, yaani kabla ya Machi. Mvua zikishaanza, maji ya paa, ya kichochoro na ya hewani huchanganyika ukutani kiasi kwamba hata fundi mzoefu hubaki kukisia. Swali la kwanza si saruji gani inunuliwe, bali maji yanatoka wapi. Yakiwa yanapanda kutoka ardhini, dawa yake iko nje na chini ya ukuta. Yakiwa ni umande unaotoka katika hewa ya chumba, dawa yake iko katika matumizi ya chumba chenyewe, na hapo lipu mpya haitasaidia kitu.

Unyevu wa ardhini hupanda kwa kunyonywa na vinyweleo vya mawe na chokaa. Kuta za zamani za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nyingi zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi, wala hazina tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta. Maji yanapopanda hubeba chumvi, kisha hukauka kwenye uso wa ukuta na kuiacha chumvi hiyo pale. Kwa hiyo dalili zake huanzia sakafuni na kwa kawaida hukomea karibu na mita moja, zikiwa na mstari usionyooka wa rangi ya kahawia juu yake, unga mweupe, na rangi inayobanduka magamba. Ukichukua unga ule ukautia katika gilasi ya maji, sehemu kubwa ya chumvi itayeyuka, ilhali chokaa iliyopukutika itatuama chini.

Umande wa ukutani hauna mpaka wa namna hiyo. Hutokea popote pale ambapo uso wa ukuta umepoa vya kutosha kuugeuza mvuke wa hewa inayougusa kuwa maji: pembeni mwa dari, nyuma ya kabati, karibu na kiyoyozi. Dalili yake kubwa ni kuvu nyeusi yenye madoadoa, na ifahamike kwamba kuvu haingoji matone yaonekane. Uso wa ukuta ukikaa na unyevu mwingi kwa siku kadhaa, hiyo inaitosha. Kwenye ukuta uliojaa chumvi, kuvu hiyo huota kwa nadra, na tofauti hii peke yake husaidia sana.

Hata hivyo, macho hayatoshi. Tafuta karatasi ya alumini ya jikoni, kata vipande viwili vya upana wa sentimita 30 hivi, kausha na kwangua mahali pa kubandika ili gundi ishike, kisha ubandike kimoja karibu na sakafu na kingine kwenye usawa wa kifua, ukiziba pande zote nne kwa utepe. Viache siku mbili huku chumba kikitumika kama kawaida, kiyoyozi kikiwashwa saa zake zilezile. Maji yakionekana upande wa mbele wa karatasi, yametoka hewani. Yakionekana nyuma yake, yametoka ndani ya ukuta. Ila jaribio hili lina mpaka wake: maji ya nyuma ya karatasi hayasemi kama yametoka ardhini, kwenye bomba linalovuja au kwenye paa. Doa lililo juu, linalokua baada ya kila mvua, lifuatiliwe kwanza kwenye paa na mabomba.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Sebule ya chini iliyo upande wa kichochoro ina unyevu hadi sentimita 80, na ukuta wake ulipigwa lipu ya saruji. Chumba cha kulala kilicho nyuma kina kuvu nyuma ya kabati lililosogezwa hadi ukutani, na kiyoyozi chake huwekwa nyuzi 18 usiku kucha. Fundi akishauri vyumba vyote viwili vipigwe saruji, atakuwa ametibu maradhi mawili kwa dawa isiyofaa hata moja. Karatasi ya sebuleni italowa upande wa nyuma, hasa ile ya chini. Ya chumbani italowa upande wa mbele.

Kwa sebule, kazi ianzie nje. Ikiwa kichochoro kimesakafiwa mara kwa mara hadi kikawa juu kuliko sakafu ya ndani, au maji ya paa yanamwagika chini ya ukuta, hakuna lipu itakayodumu kabla maji hayo hayajaelekezwa mbali. Baadaye lipu ya saruji iondolewe hadi juu kidogo ya alama ya unyevu, kwa sababu saruji huuzuia ukuta kupumua na kuyasukuma maji yapande zaidi. Chumvi ipigwe brashi kavu na kufagiliwa; ukiiosha kwa maji, itayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Ukuta uachwe wazi ukauke. Mafundi wa majengo ya kale hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo ukuta wa nusu mita waweza kuhitaji zaidi ya mwaka, na asiyeweza kusubiri apige lipu ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga usio wa pwani, akijua kwamba lipu hiyo itakula chumvi na huenda ikahitaji kubadilishwa. Juu yake ipakwe chokaa, si rangi ya mafuta. Dawa za kudungwa ukutani sizipendekezi kwa kuta hizi: mawe yasiyo na mpangilio na mapengo yaliyomo ndani huzuia dawa isifanye tabaka moja lisilokatika. Nyumba iliyomo ndani ya Mji Mkongwe iombewe kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kazi kuanza.

Chumbani mambo ni mengine. Maelezo mengi yaliyoandikwa kwa nchi za baridi husema fungua madirisha, lakini kwetu hewa ya nje ndiyo yenye mvuke. Alfajiri yenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 90, umande huanza kwenye kila kitu chenye nyuzi 24 au chini yake, na ukuta uliopozwa usiku kucha hadi nyuzi 20 utalowa mara tu dirisha linapofunguliwa. Kwa hiyo kiyoyozi kipandishwe hadi nyuzi 25 au 26, dirisha lifungwe kinapofanya kazi, na asubuhi feni iwashwe kwanza ili ukuta upate joto kabla ya kufungua. Kabati lisogezwe sentimita 10 kutoka ukutani. Kuvu, tofauti na chumvi, ifutwe kwa kitambaa kilichoroweshwa maji ya sabuni, kwani brashi kavu huirusha hewani, na anayefuta avae barakoa.

Jambo moja hupotosha hata baada ya kazi nzuri. Chumvi iliyobaki ukutani huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo siku za mvuke mwingi sebule yaweza kuonekana imelowa tena ingawa maji ya ardhini yamekatwa. Kabla ya kubomoa upya, subiri siku chache za kipupwe chenye upepo mkavu: doa likififia lenyewe, ni chumvi iliyobaki, na lipu ya chokaa iachwe iendelee na kazi yake.