Kadi ya kugusisha hainyonywi kutoka mbali

Wapo wanaohofu kwamba mwizi anaweza kunyonya pesa kwenye kadi ya benki ya kugusisha akiwa mbali. Lakini kadi hiyo haina betri. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba, na umeme wake huupata kwenye mashine ya malipo, kupitia uga wa sumaku unaotetema kwa megahezi 13.56. Uga huo hufifia haraka mno: ukishakuwa mbali kidogo na koili ya mashine, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu hubaki kama moja ya nane. Kwa sentimita 3 kadi inaamka; kwa nusu mita imelala fofofo. Na msimbo wa malipo ambao kadi huutuma hubadilika kila muamala, hivyo ulionaswa haulipi tena. Wa kumwangalia ni anayekubana kwenye daladala. Ukiwa na wasiwasi, ifunge kadi kwa foili ya jikoni.