Kulainisha ujumbe mkavu wa kuomba msaada kazini bila kupoteza hoja

Juzi mwenzangu kazini alinionyesha ujumbe aliotaka kumtumia dada anayetunza faili letu la mauzo:

"Jumla ya Machi haiko sawa. Rekebisha leo."

Hakuwa na hasira, alikuwa na haraka tu. Ila haraka haionekani kwenye maandishi. Kinachoonekana ni amri. Tukauandika upya.

1. Salamu na ombi viende pamoja. Usitume "Habari" peke yake ukangoja kuitikiwa.

2. Amri iwe ombi. "Rekebisha" ikawa "naomba unisaidie kuangalia". Kubandika "tafadhali" mwishoni mimi sikupendi: "Rekebisha leo tafadhali" bado ni amri, tena kama ya mtu aliyenuna.

3. Sema ulichokiona. "Haiko sawa" inamwambia amekosea, na haimwonyeshi wapi. Taja faili, ukurasa, namba unayoiona, namba uliyotarajia, na ulichokwisha kujaribu. Hapo adabu na undani havigombani, kwa sababu umempunguzia kazi ya kukuhoji.

4. Muda. Hapa ndipo mimi niliwahi kuumia. Niliandika "ukipata nafasi" ili nisionekane msumbufu, na mwenzangu akaipata nafasi kesho yake, kikao kimeshapita. Hakukosea, nilimruhusu mwenyewe. Kwa hiyo taja saa, na utaje sababu yake, maana saa isiyo na sababu inarudisha ile harufu ya amri. Na usiandike "saa 10" tupu: mmoja ataisoma kama saa kumi jioni, mwingine aliyezoea saa ya kwenye simu ataielewa kuwa saa nne. Andika "saa kumi jioni" kwa maneno. Kisha mwachie mlango wa kukataa, lakini uwe mlango unaoelekea mahali: ukishindwa, nimwone nani? "Ukishindwa si neno" haikusaidii wewe wala yeye.

"Samahani kwa usumbufu" inatosha mara moja. Sisi tuliifuta kabisa.

Ukawa hivi:

"Habari za mchana dada. Naomba unisaidie kuangalia faili la mauzo, ukurasa wa Machi. Jumla chini ya safu ya D inasoma 418,200, lakini nikijumlisha kwa kikokotoo napata 432,700. Nimepitia namba zote na risiti, zinalingana, kwa hiyo nahisi ni fomula, nami sitaki kuigusa bila wewe. Naihitaji kabla ya saa kumi jioni leo, ripoti inatoka hapo. Kama umebanwa, niambie nani mwingine anaifahamu. Asante."

Jibu lilikuja muda si mrefu: "Nimeiona. Fomula imeishia D57, mistari mitatu ya mwisho iliongezwa baadaye." Akabadilisha:

```
=SUM(D2:D60)
```