Bwawa la sato Kasulu: piga hesabu kuanzia siku ya kuvuna

Wafugaji wengi wa samaki huanza mpango wao na vifaranga: bei yake, idadi wanayoweza kununua, mahali pa kuvipata. Sisi tunashauri uanze upande wa pili, yaani siku ya kuvuna. Jiulize utauza kilo ngapi, mwezi gani na kwa nani, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi ufike kwenye idadi ya vifaranga na mifuko ya chakula. Hapa tunafuata bwawa moja la mita 20 kwa 15, lenye maji ya chemchemi bondeni Kasulu, kina cha sentimita 80 upande wa maji kuingia na mita 1.2 upande wa kutokea. Bei tulizotumia ni za mfano. Weka za sokoni kwako, lakini njia ya hesabu ibaki ileile.

Kwanza, mwezi wa kuuza. Samaki wako anashindana na mgebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Fuatilia tangazo la kila mwaka kwa afisa uvuvi wa wilaya, kwa sababu wakati kama huo samaki wabichi hupungua sokoni na mwenye bwawa husikilizwa bei yake. Hata ziwa likiwa wazi, wavuvi wa taa hutegemea giza, na siku za mbalamwezi samaki huwa wachache. Kwa hiyo lenga kuvuna Juni, na ikiwa ziwa halijafungwa, panga siku zako ziangukie mbalamwezi kadiri uwezavyo.

Kutoka Juni, rudi nyuma miezi minane: unafika mwanzoni mwa Oktoba. Sato wa gramu 2 anaweza kufika gramu 250 kwa miezi sita penye joto la kutosha, ila Kasulu iko juu kuliko mwambao wa ziwa na maji yake ni baridi zaidi, hivyo jipe miezi minane. Kupandikiza Oktoba kuna faida nyingine. Samaki hukua wakati wote wa joto, na baridi ya Juni na Julai inapoingia, wewe tayari unauza. Anayepandikiza Machi hulisha katika miezi ambayo samaki hali vizuri wala hakui, na chakula kinaozea majini. Kama bwawa lako linajaa kwa mvua tu, pandikiza Desemba na uvune mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti.

Sasa idadi. Bwawa lisilo na mashine ya hewa, lenye maji mazuri na chakula cha dukani, tunalihesabia kilo 180 za samaki kwa mita hizi 300 za mraba. Mama ntilie na hoteli wanapenda samaki wanne kwa kilo, yaani gramu 250 kila mmoja. Kilo 180 ni samaki 720. Chukulia kwamba katika kila vifaranga 10 wawili watapotea, basi unahitaji vifaranga 900, sawa na watatu kwa kila mita ya mraba. Ukiweka 1,800 hupati kilo 360. Unapata samaki wa gramu 100 na kidogo, ambao wateja hawawalipii bei ya sato wa mezani, na asubuhi utawakuta wakihema juu ya maji kwa kukosa hewa.

Nunua vifaranga madume tupu. Majike wakichanganyika, huzaa kabla hawajafika ukubwa wa kuuza, na watoto wao hula chakula ulichowanunulia wazazi. Dalili ni makundi ya visamaki vidogo kandokando ya bwawa mwezi wa tatu au wa nne. Ukiviona, weka kambale wadogo kama 40, wafupi kuliko sato wako, wavile. Agiza vifaranga mapema, Julai au Agosti, kwa sababu sato hazai sana wakati wa baridi na Septemba vifaranga huadimika. Siku ya kupokea, hesabu mfuko mmoja mzima mbele ya muuzaji. Acha mifuko ielee bwawani dakika 15 hadi 20, kisha ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo kabla ya kuwaachia.

Gharama za msimu katika mfano wetu ziko hivi. Vifaranga 900 kwa shilingi 200 ni 180,000, na usafiri 60,000. Chokaa na samadi 20,000. Wavu wa kufunika juu tumeuhesabia 50,000, kwa kuwa utatumika misimu kadhaa. Kuvuna, barafu na vibarua 60,000. Chakula: kila kilo ya samaki inahitaji takriban kilo 1.7 za chakula kizuri kinachoelea, kwa hiyo kilo 180 zinahitaji 306, nawe utanunua mifuko 16 ya kilo 20. Kwa shilingi 60,000 kila mfuko, hiyo ni 960,000. Jumla yote ni 1,330,000, na chakula peke yake kimechukua zaidi ya shilingi saba katika kila kumi.

Ukiuza kilo 180 kwa 8,500 unapata 1,530,000, faida 200,000. Ikiwa bei itapanda hadi 9,500 wakati ziwa limefungwa, faida ni 380,000. Kilo yako imekugharimu karibu 7,400, na chini ya hapo usiuze, isipokuwa mabaki ya mwisho. Gharama ya kuchimba bwawa haimo humu. Kama ulichimba kwa 900,000, inarudi kwa misimu miwili na nusu ukiuza kwa bei ya juu, au minne na nusu kwa bei ya kawaida.

Faida hiyo ni nyembamba, na inapovuja ni kwenye chakula. Tuseme umelisha ovyo, kilo ya samaki ikala kilo 2.2 badala ya 1.7. Utahitaji mifuko 20, nyongeza ya 240,000, na faida ya 200,000 imegeuka hasara ya 40,000. Hakuna samaki aliyekufa wala kuibwa.

Angalia pia vifo. Mdiria, mnandi, kenge na fisi maji wakikupunguzia samaki hadi 540, utavuna kilo 135 na kuuza kwa 1,147,500. Ukigundua mapema na kulisha hao 540 tu, utatumia mifuko 12, gharama yote itakuwa 1,090,000 na bado utabaki na 57,500. Usipogundua, ukaendelea kumwaga chakula cha samaki 720, utapata hasara ya 182,500. Kinachomaliza mtaji ni kuwalisha samaki ambao hawapo tena. Tunasisitiza hili kwa sababu samaki aliyeliwa haachi mzoga, na wengi wanaokufa huzama.

Ndiyo maana kila baada ya wiki mbili upime. Asubuhi, kabla ya kulisha, vuta wavu na uchukue samaki 50, uwapime kwa pamoja kwenye ndoo yenye maji uliyokwisha kuijua uzito. Wakitoa kilo 4, kila mmoja ana gramu 80. Ukikadiria wapo 800, bwawani kuna kilo 64. Kwa ukubwa huo walishe asilimia 3.5 ya uzito kwa siku, yaani kilo 2 na robo, nusu yake saa nne asubuhi na nusu nyingine saa kumi jioni. Wakiwa wadogo wa gramu chache huhitaji asilimia 8 hadi 10, na wakifika gramu 200 asilimia 2 inatosha.

Kati ya vipimo viwili, samaki wenyewe watakuambia. Funga fito nne ziwe fremu inayoelea, mwaga chakula ndani yake mahali palepale kila siku, na uhesabu dakika 15. Kikibaki, punguza mlo unaofuata kwa moja ya tano. Kikibaki siku tatu mfululizo na maji ni mazuri, basi samaki ni wachache kuliko unavyodhani: rekebisha idadi daftarini. Wakihema juu ya maji alfajiri, usilishe kabisa. Ingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Ikiwa kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kiwikoni, ukijani umezidi: acha samadi na chakula, ingiza maji mapya hadi rangi ipungue. Samaki kukosa hewa hutokea zaidi siku za mawingu mfululizo, Machi na Aprili. Miezi hiyo pia hakikisha bomba la kutolea maji yanayozidi liko wazi na lina chujio, kwa sababu mvua moja kubwa ikifurikisha bwawa, samaki hupita juu ya tuta.

Anayetaka kupunguza gharama anaweza kuchanganya mwenyewe: dagaa waliosagwa kilo 30, mashudu ya alizeti 40, pumba za mahindi 30. Mchanganyiko huo una protini kama asilimia 30. Huzama, hivyo upotevu ni mkubwa zaidi. Usilinganishe bei ya kilo ya chakula, linganisha chakula cha kukuza kilo ya samaki. Cha dukani cha 3,000 mara 1.7 ni 5,100. Cha kuchanganya, kikikugharimu 1,800 na samaki wakala kilo 2.5, ni 4,500. Kikifika 2,100, umerudi karibu palepale, na kazi umeongeza.

Mapatano ya kuuza yafanyike Aprili, samaki wakiwa bado majini. Usivune kilo 180 kwa siku moja, maana Kasulu utajikuta jioni unashusha bei kwa sababu ya joto na barafu iliyoyeyuka. Gawa mara tatu, kilo 60 kila wiki mbili, ukitumia wavu wa matundu makubwa unaowaacha wadogo waendelee kukua. Andikeni na mnunuzi siku, kilo, ukubwa, bei, na kama samaki anapimwa mzima au akiwa ametolewa utumbo. Samaki aliyetolewa utumbo amepungua zaidi ya kumi katika kila mia, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Chukua malipo ya awali, salio lilipwe bwawani kabla samaki hawajaondoka. Kwa mauzo ya shuleni au hotelini yanayolipwa mwisho wa mwezi, usiweke zaidi ya theluthi ya mavuno, kwa sababu hela ya kuagiza vifaranga vya Oktoba inahitajika Julai.

Acha kulisha siku moja kabla, vuna alfajiri, osha samaki kwa maji safi na uwapange na barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Baada ya awamu ya tatu toa maji yote, uza waliobaki kwa bei yoyote inayozidi sifuri, acha sakafu ya bwawa ikauke hadi ipasuke, toa tope jeusi, kisha nyunyiza chokaa kilo 45 na ujaze maji mwishoni mwa Septemba.