Sevo Inayotetemeka: Anza na Umeme, Kodi Baadaye

Juzi kijana mmoja wa Tudor aliniletea mkono wa roboti wenye sevo nne ndogo za SG90, zote zikitetemeka na zote zikichukua umeme kwenye pini ya 5V ya bodi ya Arduino Uno iliyochomekwa kwenye kompyuta. "Fundi, nimeiandika kodi ya programu upya mara tatu," aliniambia. Kodi yake haikuwa na kasoro.

Kwanza, iamuru sevo isimame kwenye nyuzi 90 bila kusoma potenshomita, yaani kile kirungu unachozungusha ili kuiongoza. Ikitulia, tatizo liko kwenye potenshomita. Ikiendelea kutetemeka, hasa sevo nyingine inapoinua mzigo, shuku umeme. Bodi ikijizima na kuwaka upya, usiwe na shaka tena.

Pili, zipe sevo umeme wake. SG90 moja iliyokwama huweza kuvuta zaidi ya nusu ampea, ilhali bandari ya kawaida ya USB hutoa nusu ampea kwa vifaa vyote. Mimi hutumia adapta ya volti 5 na ampea 3. Betri ya mraba ya volti 9 siikubali kabisa, kwa sababu haiwezi kutoa mkondo huo.

Tatu, unganisha hasi ya adapta na hasi ya bodi. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni nzima. Sevo hupima ishara kwa kuilinganisha na hasi yake, kwa hiyo hasi zisipokutana, ishara haina pa kupimiwa, na mkono hurukaruka ovyo. Chanya mbili, ile ya adapta na ile ya 5V ya bodi, zisiunganishwe. Waya wa hasi wa sevo uende moja kwa moja kwenye adapta, na waya mwingine utoke hapo hadi kwenye bodi, ili mkondo mkubwa wa mota usipite njia ya ishara. Ukitumia bodi ya kuchomekea nyaya, pima kwa mita kama mstari wa hasi unafika mwisho. Kwenye bodi nyingine mstari huo umekatika katikati, na jicho halioni. Wangu ulikuwa umekatika.

Nne, weka kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 16, karibu na sevo. Upande wenye mstari ni hasi. Ukiigeuza inaweza kupasuka.

Iliyobaki ni potenshomita, ambayo usomaji wake huyumba hata usipoigusa. Puuza mabadiliko madogo:

```
static int zamani = -100;
int soma = analogRead(A0);
if (abs(soma - zamani) > 8) {
  zamani = soma;
  sevo.write(map(soma, 0, 1023, 10, 170));
}
```

Nimeweka 10 hadi 170 kwa makusudi, kwani sevo nyingi hazifiki 0 wala 180, nazo huvuma na kupata moto zikisukuma kizuizi cha ndani. Mvumo mdogo wakati wa kushikilia mzigo ni wa kawaida. Sevo ya tatu ya kijana huyo iliendelea kutetemeka, tena kwenye pembe moja tu, hata tulipoihamishia waya wa nyingine: potenshomita yake ya ndani imechakaa, na tuliibadilisha.