Somo: Kupima bando kabla ya kuunganisha ndoa kwa video (mimi Tanga, mdogo wangu Toronto)

Dada yetu aliolewa Ijumaa moja ya Oktoba. Baba hayupo tena, kwa hiyo walii nilikuwa mimi, na mdogo wangu aliyeko Toronto alitaka aione ndoa kwa macho yake. Siku ya mahari tulikuwa tumeshaumia: nilinunua bando la saa 24 jana yake saa 9 alasiri, shughuli ikaanza saa 10, na bando lilikuwa limeshakufa saa nzima kabla. Safari hii tukakaa siku nne kabla tukapiga hesabu.

Hatua ya 1: Linganisheni kilichobaki. Nilimwambia nitanunua GB 1. Akacheka, "Kaka, mimi nina GB 10 kwa mwezi, usinihofie." Nikamwomba afungue ukurasa wa salio anisomee. Zilikuwa zimebaki MB 700, na mwezi wake wa malipo ulikuwa unaanza upya Jumapili, siku mbili baada ya ndoa. Bando kubwa ndilo lililokuwa dogo.

Hatua ya 2: Pimeni wenyewe. Makadirio ya watu yanatofautiana kwa sababu simu na mtandao vinatofautiana. Fungua WhatsApp, `Settings > Storage and data > Network usage`, shuka chini ubonyeze `Reset statistics`. Zima Wi-Fi, pigianeni video dakika 10 kamili, kisha rudi usome mstari wa `Calls`. Kwangu ilitoka MB 62 zilizotumwa na MB 48 zilizopokelewa, jumla 110. Kwa saa moja na nusu ni MB 990. GB yangu ingefika ikihema, na ya mdogo wangu ingekatika katikati.

Hatua ya 3: Anayetazama azime kamera. Hapa ndipo tulipookoka. Kila mmoja analipia anachotuma na anachopokea. Mdogo wangu alipozima kamera, mimi nilibaki kupokea sauti yake tu: dakika 10 zikala MB 62 za kutuma na 4 za kupokea. Saa moja na nusu ikashuka hadi karibu MB 600, kwangu na kwake. Tukakubaliana awashe wakati wa dua tu, ili mama amwone.

Hatua ya 4: Nunua kwa saa, ukisoma meseji. Saa 10 jioni ya Tanga ni saa 3 asubuhi Toronto, wakati wao wa kiangazi; wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa 2. Nilinunua asubuhi ya siku yenyewe, nikasoma ile meseji ya uthibitisho inayoandika bando linaisha lini.

Hatua ya 5: Ziba matundu. Kundi la familia siku ya harusi linamwaga picha. Kwenye `Media auto-download`, ondoa alama zote chini ya `When using mobile data`. Zima pia upakiaji wa picha wa simu yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Nikinunua bando la WhatsApp si nafuu zaidi?*
Soma masharti kwanza. Mengi yanabeba ujumbe na picha, na simu za video zinakatwa kwenye MB za kawaida. Lijaribu kwa dakika tano, kisha angalia salio lipi limepungua.

*Kaka yangu yuko Dubai, video ya WhatsApp haishiki hata bando likiwa limejaa.*
Hilo si suala la bando. Simu za WhatsApp zimezuiwa Falme za Kiarabu kwa muda mrefu. Wengi huko hutumia Botim. Ipakue na wewe, mpime upya kwa njia ileile, maana ulaji wake ni tofauti.

*Bando lipo ila picha inaganda. Niongeze?*
Kuongeza MB hakuongezi kasi. Nenda mahali penyewe, saa ileile, ujaribu. Mimi ndani ya msikiti nilikuwa naganda; karibu na dirisha la upande wa barabara ikakaa sawa, na binamu akasimama hapo na simu. Pakikataa kabisa, washa `Use less data for calls`: picha inafifia kidogo lakini sauti inabaki, na kwenye ndoa sauti ndiyo inayosubiriwa.

*Mwisho zilienda ngapi?*
MB 496 kwa saa moja na dakika 12. Mdogo wangu alikuwa ndani ya gari, nje ya kazini kwake. Niliposema "nimekuozesha" nilisikia anaitikia kabla ya watu waliokaa pembeni yangu. Shekhe alipoinua mikono akawasha kamera, na mama akachukua simu kwa binamu akaishika mwenyewe mpaka dua ikaisha.