Kabla ya kuhamishia trafiki kwenye faiba: mambo ya kuzingatia unapogusa gharama na kipaumbele cha poti kwenye STP

Chukua ofisi yenye majengo mawili yanayotazamana ng'ambo ya barabara. Jengo la kwanza lina swichi kuu, tuiite SW1. La pili ni ghala, na swichi yake ni SW2. Hapo zamani majengo haya yaliunganishwa kwa redio mbili zilizofungwa juu ya mapaa, baadaye ikavutwa faiba, na redio ikaachwa iwe akiba. Laini zote mbili zimechomekwa kwenye poti za gigabiti moja, lakini redio yenyewe hewani inapitisha megabiti 200 tu. Faiba imewaka wiki nzima na watu wa ghala bado wanalalamika kwamba mtandao ni mzito. Ukiingia kwenye SW2 unakuta hivi:

```
SW2# show spanning-tree vlan 20
Interface   Role Sts Cost   Prio.Nbr Type
Gi0/25      Altn BLK 4      128.25   P2p
Gi0/26      Root FWD 4      128.26   P2p
```

Gi0/25 ndiyo faiba, nayo imezibwa. Mzigo wote unapita Gi0/26, kwenye redio. STP, itifaki inayoziba laini za ziada ili fremu zisizunguke bila kikomo, haijui habari za hewani. Inasoma kasi ya poti peke yake, na kwa kipimo kifupi cha gharama kila poti ya gigabiti moja hupewa 4. Kwa hiyo machoni pake laini hizi ni sawa kabisa, na ilibidi ichague moja kwa kigezo kingine.

Kabla ya kuandika amri yoyote, jiulize kwanza kwa nini redio imeshinda. Wengi wanaotazama jedwali hilo huona 128.25 ni ndogo kuliko 128.26, na kwa kuwa namba ndogo ndiyo hushinda, wanaona faiba imedhulumiwa. Kosa ni kwamba safu hiyo inaonyesha namba za poti za SW2 yenyewe, na siyo hizo zinazolinganishwa. SW2 hutafuta poti yake ya kuelekea kwenye mzizi, yaani swichi ambayo STP imeichagua kuwa kitovu, kwa mpangilio huu: kwanza jumla ya gharama hadi kwenye mzizi, zikilingana, kitambulisho cha swichi iliyotuma BPDU, ujumbe ambao swichi hutumiana kwa ajili ya STP, navyo vikilingana, kitambulisho cha poti ya huyo mtumaji. Hapa mtumaji ni SW1 kwa laini zote mbili, kwa hiyo hatua mbili za mwanzo zimetoka sare. Kinachobaki ni namba ya poti upande wa SW1, na huko redio imechomekwa Gi0/1 wakati faiba iko Gi0/25. Moja imeishinda ishirini na tano. Ukitaka kuliona hilo ukiwa SW2, tumia `show spanning-tree vlan 20 detail`, kisha soma mstari unaoanza na `Designated port id`. Hapo utakuta 128.1 kwa redio na 128.25 kwa faiba.

Ukishaelewa hilo, uamuzi wa kifaa gani ushike unakuwa mwepesi. Kipaumbele cha poti hubadilishwa kwenye SW1, yaani upande wa juu, kwa sababu SW1 ndiyo inayokitangaza ndani ya BPDU. Ukikibadilisha kwenye SW2 amri itapokelewa bila lalamiko lolote na hakuna kitakachosogea. Gharama ni kinyume chake: hubadilishwa kwenye SW2, kwa sababu swichi huongeza gharama ya poti iliyopokea BPDU. Tena kipaumbele hakina nguvu yoyote pale laini mbili zinapokwenda kwenye swichi mbili tofauti, maana mashindano huisha kwenye kitambulisho cha swichi kabla ya kufika kwenye poti.

Kwa ofisi hii ningechagua gharama, na ningeigusa kwenye redio, si kwenye faiba. Redio kweli ni nyembamba kuliko poti yake, kwa hiyo ukiipa 19, ambayo ndiyo gharama ya poti ya megabiti 100, unaiambia STP jambo lililo karibu na ukweli. Ukipandisha gharama ya akiba, faiba inabaki na 4 yake, na hesabu ambayo SW2 inawatangazia walio chini yake haibadiliki muda wote faiba ikiwa hai. Ukishusha gharama ya faiba badala yake, unabadilisha pia jumla inayotangazwa chini, na swichi nyingine inaweza kuamua kupitia SW2 bila wewe kukusudia. Pia siku redio itakapohamishiwa swichi nyingine, gharama bado itafanya kazi, ilhali kipaumbele kitakuwa mapambo.

Sasa maandalizi. Kwanza hakikisha SW1 ndiyo mzizi wa VLAN hiyo. Kwenye SW1, `show spanning-tree vlan 20` inapaswa kusema `This bridge is the root`. Swichi zote zikiachwa na kipaumbele cha kiwandani cha 32768, mzizi unakuwa ile yenye anwani ndogo zaidi ya MAC, na mara nyingi hiyo ni swichi ya zamani iliyosahaulika kwenye kona. Ikiwa mzizi uko kwingine, acha kazi ya gharama, rekebisha mzizi kwanza.

Pili, angalia swichi zote zinatumia kipimo kimoja cha gharama. Kwa kipimo kifupi gigabiti moja ni 4. Kwa kipimo kirefu ni 20000. Ukiandika 19 kwenye swichi inayohesabu kwa kipimo kirefu, redio itaonekana bora mara elfu kuliko faiba. Amri ya `show spanning-tree pathcost method` itakuambia.

Tatu ni VLAN. Amri ya `spanning-tree vlan 20 cost` inagusa VLAN 20 peke yake, zingine zitaendelea kupita kwenye redio. Hilo linaweza kuwa unalolitaka, mathalani kuacha kamera za VLAN 30 kwenye redio ili laini zote mbili zifanye kazi. Ila hakikisha tranki ya faiba inaruhusu VLAN zote unazohamisha. Wanaotumia MST, aina ya STP inayoweka VLAN nyingi kwenye kundi moja, wawe waangalifu zaidi hapa: STP inaweza kufungua laini ambayo VLAN yako haimo, na trafiki ikapotelea humo.

Nne, faiba yenyewe. Imekaa imezibwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuibebesha mzigo. Soma `show interfaces Gi0/25` pande zote mbili, na kama hesabu ya makosa ya CRC inapanda, safisha viunganishi kwanza.

La tano ndilo linalohitaji muda wako zaidi, nalo ni redio inavyoshughulikia BPDU. Redio ikiwa akiba, kitu pekee kinachoizuia isizungushe fremu bila kikomo ni BPDU zinazotoka SW1 na kufika SW2 kupitia hewani. Redio nyingine huwa na STP yao ndani, nyingine zina mpangilio unaochuja fremu za aina hiyo. Zikichujwa ilhali data inapita, SW2 itadhani hakuna mtu upande wa pili, itafungua Gi0/26, na majengo yote mawili yatazama. Ukitazama sasa, redio ikiwa ndiyo poti ya mzizi, ujue BPDU zinapita. Lakini sasisho la programu ya redio linaweza kubadilisha hilo usiku mmoja.

Hata redio ikifa kabisa kuna alama yake. RSTP, yaani STP ya kasi, ikikosa BPDU tatu mfululizo, yaani sekunde 6 kwa kawaida, poti ya SW2 huacha kuwa `Altn BLK` na kuwa `Desg FWD`. Ukikuta hivyo kwenye Gi0/26, usifurahi kwamba laini mbili zinafanya kazi. Akiba yako imekufa, taa ya poti tu ndiyo inawaka. Kwa sababu hiyo ni vizuri kuweka ulinzi kwenye poti zote mbili za SW2:

```
interface range Gi0/25 - 26
 spanning-tree guard loop
```

BPDU zikikatika, poti itazibwa badala ya kufunguliwa, na itaorodheshwa kwenye `show spanning-tree inconsistentports`.

Kuhusu saa ya kufanya kazi, usidanganyike na sifa ya RSTP ya kuhama chini ya sekunde. Poti ya mzizi ikibadilika, SW2 inaweza kuziba kwa muda poti zake zote zisizo za mwisho, yaani zisizowekewa `portfast`, wakati ikikubaliana na SW1. Kompyuta haijui kujibu makubaliano hayo, kwa hiyo poti ya kompyuta ikizibwa hivyo itasubiri sekunde 15 mara mbili. Sekunde 30 kwa mashine za risiti ni foleni na kelele. Weka `portfast` kwenye poti za watumiaji siku moja kabla, kisha fanya kazi baada ya saa za ofisi.

Na kwa kuwa pengine utaingia SW2 kutokea jengo la kwanza, unakata tawi ulilokalia. Hifadhi usanidi uliopo, weka `reload in 10`, halafu andika:

```
interface Gi0/26
 spanning-tree vlan 20 cost 19
```

Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi ilivyokuwa. Mambo yakienda sawa, `reload cancel` kabla hujasahau, na usihifadhi chochote mpaka umalize kupima. Kurudi nyuma ni `no spanning-tree vlan 20 cost` kwenye poti hiyohiyo.

Kupima siyo kuona `Root FWD 4` kwenye Gi0/25 peke yake. Anzisha `ping` kutoka kompyuta ya ghala kwenda SW1, kisha chomoa faiba. Kama imeingia moja kwa moja kwenye swichi zote mbili, taa inazimika na redio inashika papo hapo. Kama katikati kuna vigeuzi vya faiba kwenda shaba, poti hubaki zimewaka hata kebo ikikatwa barabarani, na SW2 itangoja zile sekunde 6. Kwa STP ya zamani ni hadi 50. Irudishe faiba, subiri trafiki irudi nayo, ndipo uhifadhi, na uandike kwenye `description` ya Gi0/26 kwamba gharama ya 19 imewekwa kwa makusudi, na kwa nini.