Hatifungani za TIPS: kodi ya pesa ambayo hujaishika

Wewe uliye Marekani na unayewazia TIPS, zile hatifungani za serikali zinazofuata mfumuko wa bei, angalia kwanza utaziweka kwenye akaunti gani.

Kiwango cha riba yake hakibadiliki. Kinachopanda ni mtaji, kwa kufuata fahirisi ya bei za walaji. Chukua dola 10,000 kwa riba ya 2%, halafu bei zipande 5% kwa mwaka. Mtaji unakuwa 10,500, na riba, tukiihesabu mara moja kwa mwaka, ni 210. Jumla 10,710. Kwa bei za mwaka jana hizo ni sawa na 10,200, yaani faida halisi ni ile ile 2%. Hapo sawa kabisa.

Shida ni kodi. Ile 500 iliyoongezeka kwenye mtaji hulipwa hatifungani ikiiva, lakini kodi yake unadaiwa mwaka huu huu. Kwa kiwango cha 22%, kodi ya 710 ni kama 156, na mkononi umepokea 210 tu! Ukishalipa, faida halisi inabaki karibu 0.5%. Bei zisingepanda kabisa, ungebaki na 1.56%. Kwa hiyo mfumuko ukikolea, kodi inakula zaidi, jambo la kuudhi kwa kitu kilichobuniwa kukukinga nao.

Mimi zangu nimeziweka ndani ya IRA, akaunti ya kustaafu, ambako nyongeza hiyo haitozwi kodi kila mwaka.